Maneno Yaliyomwenea Kila Mtu

Mdogo wangu alinipigia simu Jumatano mchana, nikiwa natoka darasani chuoni Iringa, akaniambia amemjua anayemfunga uzazi. Hakusalimia hata.

"Ni shangazi," alisema. "Jumamosi kwenye kikao nitalisema mbele ya wote."

Nilikaa kwenye ngazi za darasa. Wenzangu walinipita wakicheka, mimi nikawa naangalia viatu vyao. Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyetulea sisi wawili katika nyumba yake ya Iyunga tangu mama alipofariki. Jumamosi ukoo ulikuwa unakutana kwake kupanga harusi ya binamu yetu. Na mdogo wangu, ambaye mimba mbili zilikuwa zimemharibikia ndani ya miaka miwili, alikuwa amepanga kusimama pale na kumwita mama huyo mchawi.

Kwetu neno la namna hiyo likitoka halirudi. Nikiwa darasa la sita, mama mmoja jirani yetu alisemwa hivyo kwenye msiba. Watu walibomoa jiko lake wiki hiyo hiyo, akahama na godoro kichwani.

"Nani kakwambia?" nilimuuliza.

"Unamjua. Ulikuwepo siku ya kwanza."

Kweli nilikuwepo. Mwezi mmoja kabla, wakati wa likizo, nilimsindikiza Mbalizi kwa mnajimu mmoja aliyekuwa na chumba nyuma ya maduka ya vitenge. Nilikwenda ili nimuumbue. Sijawahi kuamini nyota. Nilimwambia mdogo wangu njia nzima kwamba yule bwana ni mwongo na nitamwonyesha. Mnajimu alikuwa mzee nadhifu, mpole, mwenye daftari kubwa. Aliuliza jina langu, jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, akapiga hesabu za herufi, kisha akasema:

"Wewe ni Mizani. Watu wanakuona jasiri, lakini ndani una mashaka ambayo hujamwambia mtu. Unapenda kukaa na watu, ila kuna siku unataka uachwe peke yako. Una uwezo ambao hujautumia wote. Na liko jambo la zamani, la mzazi, ambalo moyo wako haujalimaliza."

Baba alifariki tukiwa hatujasemezana miezi mitatu, kwa sababu alinikataza kurudi shule nami nikarudi. Mnajimu alijuaje? Nilitoka pale mdomo umefungwa. Mdogo wangu aliniangalia usoni na akaona nilivyobadilika. Sikusema "nimeamini", lakini sikusema kitu kingine chochote, na kwake kimya changu kilikuwa ushahidi. Baada ya hapo alirudi Mbalizi peke yake, mara mbili.

Siku ile ya simu nilikwenda moja kwa moja kwa mkufunzi wetu wa saikolojia, mama wa Kihehe asiyependa maneno mengi. Nilimkuta ofisini akisahihisha. Nilimweleza yote, hata habari za baba, ambazo sikuwahi kumwambia mtu pale chuoni.

Aliweka kalamu chini. "Mnajimu alimwambia mdogo wako nini? Maneno yenyewe, kama unayo."

Nilikuwa nayo, mdogo wangu alikuwa amenirekodia sauti akiyarudia. "Yupo mtu wa karibu yako, mmekula chungu kimoja. Anakuchekea, lakini moyoni ana kinyongo na wewe."

"Wapi alisema shangazi?"

Nilifikiri. "Hakusema."

"Kwa hiyo nani alisema shangazi?"

Nilirudisha simu mfukoni.

"Kesho njoo darasani kama kawaida," alisema. "Usimwambie mtu kitu."

Kesho yake asubuhi alituomba kila mmoja aandike tarehe yake ya kuzaliwa. Tulikuwa ishirini na watano. Mchana alirudi na bahasha zenye majina yetu, akasema ndani kuna maelezo ya tabia ya kila mtu kulingana na nyota yake. Tusome kimya, tusionyeshane, kisha tuandike alama kutoka sifuri hadi tano: maelezo yanakufaa kiasi gani?

Nilifungua yangu nikiwa nimejiandaa kuikataa. Ilisema napenda kukubalika lakini najisahihisha kupita kiasi. Nina udhaifu fulani, ila kwa kawaida najua kuufidia. Wakati mwingine ni mchangamfu, wakati mwingine mtulivu na mwangalifu. Nimejifunza kwamba si busara kujifunua mno kwa watu. Nilisoma mara mbili, nikaandika nne. Jirani yangu, kijana wa Njombe anayecheka kila kitu, hakuwa anacheka. Alikuwa ameandika tano.

"Sasa mpe jirani yako karatasi yako," mkufunzi alisema.

Viti vikaanza kulia. Zilikuwa karatasi zile zile. Neno kwa neno, zote ishirini na tano.

Hatukupewa nafasi ya kukasirika. Alibandika ukutani maelezo kumi na mawili tofauti, moja kwa kila nyota, bila majina ya nyota, akatuambia kila mtu achague linalomhusu. Nilichagua kwa uhakika kabisa. Lilikuwa la nyota ya Kaa, wala si Mizani yangu. Watu wawili tu darasani walipata nyota zao, na mmoja wao akaanza kujisifu.

"Ukiokota moja kati ya kumi na mawili umefumba macho," mkufunzi alimwambia, "kwa darasa hili tungetegemea wawili hivi wapate. Mmefanya sawasawa na vipofu."

Baadaye nilimfuata barazani. Aliniambia wataalamu wanaiita athari ya Barnum, lakini jina si muhimu.

"Kusema 'inanifaa' si kipimo," alisema. "Nguo pana inamwenea kila mtu. Swali ni kama ingewakataa wengine. Maneno ya namna hii yana pande mbili: mchangamfu na mtulivu, jasiri na mwenye mashaka. Huwezi kukosa upande mmoja. Tena yanasifu kidogo, na sifa tunazipokea bila kukagua. Halafu unaambiwa yametengenezwa kwa ajili yako, na mtu mwenye daftari. Hapo akili inaanza kazi. Inatafuta kumbukumbu inayolingana, ikiipata inashtuka. Yasiyolingana unayasahau kabla hujafika nyumbani."

"Lakini lile la mzazi."

"Ni watu wangapi wazima unaowajua wamemaliza kila kitu na wazazi wao?"

Nilitaka kulia. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimetembea na mnajimu yule kama mtu aliyemwona baba yangu. Kumbe baba nilimleta mwenyewe.

"Kwa hiyo ni tapeli?" niliuliza.

"Sijui. Huenda anaamini. Kila anayetoka kwake anamwambia amepatia. Ungekuwa wewe, ungejitilia shaka?"

Ijumaa nilisafiri. Jumamosi asubuhi Iyunga ilikuwa na ukungu na baridi ile ya kutoboa sweta. Nilimkuta mdogo wangu jikoni akichambua mchele, amefunga kitenge kifuani kama mtu mwenye homa. Nilimweleza habari za karatasi. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Dada, wewe umesoma," alisema. "Mimi nimezika watoto wawili ambao hata majina hawakuwa nayo. Nyie mna karatasi."

Nilinyoosha mkono nimguse bega, akasogea.

Kikao kilianza saa nne. Tulikuwa kama kumi na watano sebuleni, wajomba kwenye makochi, wanawake kwenye mkeka. Shangazi alikuwa karibu na mlango, amevaa soksi nzito, anagawa vikombe vya chai. Mjomba mkubwa alipomaliza kuomba, mdogo wangu alisimama. Nikasimama na mimi.

"Mjomba, naomba nitangulie. Ni neno moja."

Mdogo wangu alinitazama kama amepigwa kofi. Mjomba alikunja uso, lakini mimi ni mkubwa; akaniruhusu.

Nilisema kwamba nitasoma maneno aliyopewa mtu mmoja na mnajimu. Kila mtu ayasikilize kama kapewa yeye. Asitaje jina la yeyote. Anayeona yanamhusu ainue mkono tu. Kisha nikasoma: yupo mtu wa karibu yako, mmekula chungu kimoja, anakuchekea, lakini moyoni ana kinyongo na wewe.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mjomba mdogo. Ukafuata wa mkewe, na wakatazamana kwa namna iliyonitisha. Nilidhani nimekuja kuzima moto nami nimewasha mingine kumi na mitano. Mikono iliendelea kupanda. Binamu, bwana harusi mwenyewe, aliinua wake. Mwisho, pale mlangoni, birika likiwa bado mkono wa kushoto, shangazi aliinua wa kulia.

Mdogo wangu alimwona. "Na wewe, shangazi?" Sauti yake ilitoka ndogo.

"Na mimi, mwanangu." Shangazi aliweka birika chini. "Tangu ile mimba ya pili hujaingia chumbani kwangu kunisalimia. Unanichekea hapa sebuleni, unaondoka. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana kitu na mimi. Sikujua nimekosa wapi."

Nilisema nilichotakiwa kusema, haraka, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo: kwamba maneno ni yale yale, watu ni kumi na watano, na kila mmoja amejaza jina la anayemshuku yeye. Kwamba mnajimu hakumjua mtu yeyote humu. Sijui nani alinielewa. Mjomba mdogo alishusha mkono taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Mdogo wangu alibaki amesimama. Kisha akakaa chini, akajifunika uso na kitenge, na kikao kikaendelea na habari za harusi kwa sauti za watu wasiojua waanzie wapi.

Hakunisemesha siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Aliona nimemwaibisha, na alikuwa na haki kiasi. Ningeweza kutafuta njia ya faragha kama nisingenyamaza kule Mbalizi. Shangazi ndiye aliyemfuata. Alikwenda chumbani kwa mdogo wangu na uji, akakaa kitandani, na sijui walisema nini, kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Mwezi wa tatu walikwenda pamoja hospitali, mdogo wangu na yeye. Waliongea na daktari muda mrefu, wakachukua vipimo. Jioni mdogo wangu alinipigia. Alisalimia kwanza, akaniuliza masomo yanaendaje, ndipo akaniambia daktari amesema bado hajui sababu, na kwamba mara nyingi sababu haipatikani.

"Anasema tu hajui," alisema. "Inauma, dada. Mzee yule alikuwa anajua kila kitu."

"Unataka kurudi kwake?"

Nilimsikia shangazi nyuma yake akimwita akale viazi kabla havijapoa.

"Kuna siku nataka," alisema. "Ngoja nikale."