Kura ya Herufi Moja

Siku hizi wakinitajia kazi ya kusahihisha mitihani ya utamilifu, yaani mock, natafuta kisingizio. Ile ya Bariadi ilinitosha.

Nilikuwa mwalimu mgeni kazini, nafundisha Kiingereza kwenye shule ya kata huko upande wa Lalago. Muhula mzima nilikuwa nimepigana na kidato cha pili juu ya maneno matatu yanapoongezewa ing: lie, die, tie. Nikawafundisha na sababu yake, maana mimi sikuwa kama wale wa "kariri tu". Nikawaapia kabisa: "Swali hili likija kwenye mtihani, mkaandika nilivyowafundisha, hakuna binadamu wa kuwanyima alama." Nilisema hivyo mbele ya watoto arobaini na tano, nikijipiga kifua.

Likaja kweli. Na mimi nikaitwa Bariadi kusahihisha.

Walimu wa Kiingereza tulipangwa kwenye bwalo la shule moja ya bweni, kila mmoja na swali lake. Karatasi inatoka kwa huyu inakwenda kwa yule. Swali lenye maneno yale likaangukia kwangu. Nikafungua mwongozo wa majibu, ule tunaouita skimu, nikakuta: lieing, dieing, tieing.

Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Kisha nikamwendea mwenyekiti wetu, mzee wa tai nyekundu ambaye kila sentensi yake ilianza na miaka yake kazini.

"Mzee, skimu ina makosa."

"Ng'wanawane," akaniita mwanangu, bila kuinua macho, "kitenzi unakiongezea ing, basi. Wewe umeanza kufundisha lini?"

Akafungua kamusi yake iliyochakaa, akapekua, akaweka kidole. "Soma. E ipo au haipo?"

Nikasoma. Dyeing. Loo! Mtu mzima na miwani yake anasoma kutia nguo rangi anadhani ni kufa.

"Mzee, hiyo ni ya dye, kutia rangi. Imeachiwa e yake makusudi isifanane na ya kufa." Nikachukua chaki, nikaenda ubaoni. "Make inakuwa making. E ya mwisho inaanguka. Sasa die ikiangusha e inabaki di. Ongeza ing, unapata diing, i mbili zimebanana, na Kiingereza hakipendi hivyo. Ndiyo maana i ya kwanza inageuzwa y, herufi ambayo tangu zamani ilipokezana nayo kwa sauti ileile. Dying. Lying. Tying."

Wenzangu walielewa. Niliwaona wakielewa, mmoja hadi akanukuu kwenye daftari lake.

Mwenyekiti akakohoa. "Mabunda manane yameshapita kwa aliyekuwa na swali hili kabla yako. Kurekebisha skimu ni kurudia yote na kuandika barua ya maelezo mkoani. Walimu, tupige kura."

Jamani! Kura! Watu wenye shahada wanapigia kura herufi, kama wanachagua kiranja wa usafi. "Wanaotaka skimu ibaki?" Mikono ikapanda. Mwalimu wa Busega aliyekuwa ananung'unika tangu asubuhi kwamba basi litamwacha, juu. Yule aliyenukuu kwenye daftari, juu, kalamu bado iko mkononi. Niliwadharau wote, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa viti.

Mwenyekiti akanitazama mimi. "Na mwalimu wetu mgeni? Au niandike mkoani kwamba kuna mtu mmoja anatukwamisha?"

Nikainua mkono.

Alasiri bunda la shule yangu likanifikia. Karatasi zilikuwa na namba tu, lakini mwandiko wa watoto wako unaujua. Lying, dying, tying. Karatasi baada ya karatasi, safi, y imekaa pake. Nikaweka mkasi mwekundu wa kukosa, mkasi, mkasi. Sikukosea hata moja, kwa mujibu wa skimu.

Karatasi ziliporudishwa shuleni, darasa lilichafuka. Msichana wa dawati la mbele, ambaye baba yake alishamwambia akianguka Kiingereza atabaki nyumbani kupalilia pamba, alikuwa amekosa kufaulu kwa alama mbili. Akasimama na karatasi yake.

"Mwalimu, si ulisema hivi?"

"Nilisema. Na ndivyo ilivyo."

"Sasa huyu aliyesahihisha?"

"Mbumbumbu tu," nikasema. "Wako wengi."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Yule msichana hakucheka. Alikunja karatasi yake taratibu, akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole, mwalimu. Ungekuwepo wewe, wasingethubutu."