Nakala Iliyozaa Nakala

Ofisini walimwita Bi Nakala, na jina likamganda hadi alipostaafu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpiga chapa wa masjala, na katika miaka hiyo yote hakuna barua iliyotoka mikononi mwake bila kuacha nakala tatu: moja ya jalada, moja ya mkuu, na moja ya droo yake mwenyewe, endapo hizo mbili zitapotea. Zilipotea mara nyingi. Kila zilipopotea, wakubwa walishuka ngazi wenyewe hadi mezani kwake, wamenywea, kuomba ile ya droo. Hapo ndipo alipojifunza kwamba mtu mwaminifu ni yule asiyetupa kitu.

Baada ya kustaafu, mpwa wake aliyekuwa akisomea ualimu na kuishi naye, binti wa kaka yake, alimtafutia kazi ya kufanyia nyumbani kwenye kompyuta. Zahanati fulani zilikuwa na namba ya simu ya kupokea maswali ya wagonjwa. Mazungumzo yalirekodiwa, mashine ikayaandika, na kwa kuwa mashine ilikuwa na masikio mabovu, kampuni moja iliajiri watu wa kusikiliza na kusahihisha. Bi Nakala alivaa visikizio, akakaza miwani, akaanza. Mashine iliandika "ini la ng'ombe" mahali mgonjwa aliposema "ini langu, bwana", naye akacheka peke yake mpaka machozi.

Alikuwa mzuri kupita wote. Siri yake ilikuwa daftari. Mwongozo wa kazi ulitaka jina la mtu liandikwe namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa mazungumzo, kwa hiyo kila jina gumu alilinukuu daftarini, na ubavuni mwake namba ya simu iliyotajwa na sababu ya kupiga, ili asichanganye watu wawili wenye majina yanayofanana. Kwenye kurasa za nyuma aliorodhesha dawa na magonjwa yenye tahajia ya kuvunja ulimi. Mwishoni mwa daftari aliweka namba ya kila kazi na dakika alizotumia. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na maisha.

Fungu la kazi lilipokwisha, kompyuta ilimletea fomu. Mstari wa tatu ulisema: "Nathibitisha kwamba sijabaki na nakala yoyote ya taarifa za kazi hii, iwe kwenye kifaa, karatasi au kwingineko." Chini yake palikuwa na kisanduku cha kuweka alama.

Alikitazama kile kisanduku mpaka chai ikapoa. Daftari ni nakala? Si rekodi, maana sauti haimo. Si maandishi ya kazi, maana aliyaandika yeye, kwa kalamu yake, kwenye daftari alilonunua mwenyewe. Lakini majina yalikuwemo. Na kwingineko ni wapi? Kichwani je? Hakuwa mtu wa kutia alama kwenye jambo asilolielewa. Akaona njia ya kistaarabu ni kumwonyesha msimamizi, aamue mwenyewe. Akafungua ukurasa uliojaa zaidi, akaupiga picha kwa simu na kumtumia.

Simu iliita kabla hajaiweka mezani.

"Mama, shikamoo. Futa ile picha," alisema msimamizi, kijana mpole ambaye leo upole ulikuwa umemtoka. "Futa kwako, na mimi nafuta kwangu."

"Marahaba. Lakini nimekutumia ili uone kama inafaa kuwa nayo."

"Sasa tunazo wawili, mama! Nami sikutakiwa kuiona kabisa. Itabidi nimwambie afisa wa usiri wa taarifa. Atakupigia. Tafadhali usifanye kitu kingine chochote."

Bi Nakala alifuta picha, akakaa, akashika tama. Alikuwa ametaka kuwa mkweli, na ukweli wake umezaa nakala ya pili. Alikuwa bado anatafuta kosa liko wapi, pale mpwa wake alipotokea chumbani na tableti mkononi.

"Shangazi, hii picha ni ya nini? Imejileta humu."

Picha ilikuwa imejaa kioo kizima. Mpwa ndiye aliyemtengenezea simu alipoinunua, na ili asihangaike alimwingizia akaunti yake mwenyewe. Tangu siku hiyo kila picha ya shangazi ilikuwa ikipanda kwenye hifadhi ya mtandaoni na kushuka kwenye tableti. Mara zote zilikuwa picha za maua na za paka wa jirani, kwa hiyo hakuna aliyejali.

"Lete hapa, usisome!"

"Nimeshasoma," alisema mpwa, na sauti yake ikashuka. "Shangazi, hii namba ninayo. Si namba ya fundi wetu wa nguo? Kumbe hilo ndilo jina lake kamili. Mbona umeandika 'majibu ya uvimbe wa titi'?"

Bi Nakala aliishika tableti, akaisoma tena ile namba. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mwanamke aliyemshonea gauni kwa miaka tisa, kwake alikuwa fundi tu. Jina lake kamili hakuwahi kulisikia. Hata sauti, katika kelele za ile rekodi, hakuitambua. Alikuwa amemwandika mtu anayemjua kwa namna ambayo hakumjua.

Afisa wa usiri alipiga alasiri. Alikuwa mwanamke mwenye maneno ya taratibu. Alimwuliza daftari lina watu wangapi, bila kutaja majina. Aina gani za taarifa, namba, maradhi, umri. Na nani mwingine ameziona. Bi Nakala alieleza yote, pamoja na habari ya tableti.

"Nichane sasa hivi?" aliuliza.

"Subiri. Kwanza hesabu kurasa zenye majina au namba, uniambie ni ngapi. Usizipige picha."

"Zisipopigwa picha utajuaje kwamba nimechana?"

"Kwa neno lako, mama. Utatia saini."

Zilikuwa kumi na moja. Aliambiwa azikatekate vipande vidogo visivyoweza kuunganishwa. Picha ifutwe kwenye simu, kwenye tableti, kwenye ile hifadhi ya mtandaoni, kisha kwenye pipa la vilivyofutwa, maana humo picha hukaa siku kadhaa ikisubiri kurudishwa. Kisha simu yake itengewe akaunti yake mwenyewe.

"Na zile kurasa za majina ya dawa?"

"Tahajia ya dawa si taarifa ya mtu. Ni ujuzi wako, baki nao. Namba za kazi na dakika zako pia, hizo ni kumbukumbu za kazi yako. Kinachomgusa mgonjwa hakibaki."

"Na kilichomo kichwani?"

"Hicho siwezi kukufutia. Naomba tu kisitoke mdomoni. Mwambie na mpwa wako. Na huyo mnayemfahamu, usimtafute wewe. Zahanati ndiyo itakayomjulisha."

Jioni hiyo shangazi na mpwa walikaa sakafuni na mikasi miwili, wakikata. Hawakuangaliana. Akaunti ya kazi ilikuwa imesimamishwa kwa majuma mawili, pamoja na agizo la kurudia mafunzo ya usiri, lakini si hilo lililomwumiza. Kilichomsumbua ni kwamba miaka ishirini na sita alisifiwa kwa jambo hili hili. Alijaribu kutafuta mahali sheria ilipogeuka, asipaone.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya kwenda kupimwa gauni jipya kwa fundi huyo. Alifikiria kutokwenda, akaona kutokwenda nako ni kusema kitu. Alikwenda.

Fundi alimsimamisha mbele ya kioo, pini mdomoni, futi shingoni, akapiga magoti na kuanza kubana kiuno cha gauni. Kisha akazitoa pini mdomoni.

"Leo sina raha, dada. Zahanati wamenipigia. Wanasema mtu anayewaandikia mambo yao alininukuu kwenye daftari, jina na namba na ugonjwa, na mtu mwingine kaona. Nyumbani kwangu kwenyewe sijawaambia, halafu watu nisiowajua wanasoma. Wameniomba radhi. Radhi naiweka wapi mimi?"

Bi Nakala alijiona kwenye kioo, mikono imeinuliwa kama aliyekamatwa. Aliambiwa asimtafute. Je, huku ni kumtafuta? Akinyamaza atakuwa ametii, na atakuwa amemdanganya mtu aliyepiga magoti miguuni pake. Hakujua lipi ni lipi, na mdomo haukumsubiri aamue.

"Mwandishi ni mimi."

Mikono ya fundi ilisimama.

"Sikujua kuwa ni wewe. Jina lako sikulijua. Niliandika ili nisikosee. Zile kurasa nimezikata zote."

"Na huyo mwingine aliyeona?"

"Ni mpwa wangu. Hajamwambia mtu."

Fundi alichomeka pini ya mwisho kiunoni, akainuka.

"Geuka," alisema fundi. "Nikubane mgongo."

Akageuka. Fundi alibana mgongo, akabana mabega, akamwambia gauni litakuwa tayari Jumamosi.

Aliporudi nyumbani Bi Nakala alimpigia afisa na kukiri. Afisa alishusha pumzi.

"Umemwambia habari zake mwenyewe, ambazo ni zake. Lakini pia umemwambia nani anafanya kazi ya zahanati, na hilo mkataba unakataza." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Kusema kweli, mama, sijui hili niliandike sehemu gani ya fomu."

Ilikuwa faraja ya ajabu kumsikia mtu wa sheria naye akipotea njia.

Majuma mawili yalipokwisha alirudishwa kazini, kwenye fungu jipya. Kampuni ilikuwa imeanza kuziba majina na namba kabla ya kazi kumfikia msahihishaji, kitu ambacho msimamizi alikiri kilipaswa kuwepo tangu mwanzo. Sasa kila mgonjwa alipojitaja, ulisikika mlio mfupi, na kwenye maandishi palikuwa na alama tupu. Bi Nakala alisahihisha mazungumzo ya watu wasio na majina, na kila sauti ya mwanamke ilimfanya asimamishe rekodi, akijiuliza kama anaijua.

Gauni alilifuata Jumamosi ya pili, maana ya kwanza miguu ilikataa. Fundi alilikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko, kisha hakuuachia mfuko.

"Majibu yametoka," alisema. "Si kitu kibaya. Watautoa tu huo uvimbe, basi."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Nakala, kisha akasita. "Hili unaniambia wewe mwenyewe?"

"Nakuambia mimi, kwa mdomo wangu." Fundi aliuachia mfuko. Hakutabasamu, lakini pia hakugeuza uso. "Safari hii hukuliokota kokote."

Njiani Bi Nakala alilipindua jambo hilo huku na huku. Habari ni ile ile moja, ya mtu yule yule, na sasa iko kichwani mwake mara mbili: moja haikuwa yake, nyingine amepewa. Atazitofautishaje?

Mpwa alikuwa mlangoni akimsubiri, uso umejaa wasiwasi.

"Shangazi, fundi hajambo?"

Bi Nakala alifungua mdomo. Alifikiria kama fundi amemwambia yeye peke yake au amewaambia wote wawili, na kama furaha nayo ni taarifa ya mgonjwa.

"Kashoneshe nguo kwake na wewe," alisema mwisho, akivua viatu. "Umwulize mwenyewe."