Mpango wa Bwana Mifugo Kisyeri

Kisyeri Magige alikuwa bwana mifugo wetu pale Nyambureti, na kila mtu alijua jamaa anatamani kuondoka. Hakusema, lakini ilionekana. Ndege ikipita juu, ile ndogo ya watalii inayokwenda mbugani, alikuwa anaacha sindano kwenye shingo ya ng'ombe na kuangalia juu mpaka ipotee. Ng'ombe anarusha mateke, mwenye ng'ombe anapiga kelele, yeye yuko mawinguni.

Alisoma cheti chake cha mifugo Mpwapwa akiwa kijana, akapelekwa Nyambureti kwa muda. Huo muda ukaenda mpaka ndevu zikaanza mvi. Mke wake Veronika alikuwa mtu wa Musoma, amezaliwa na kukua anaona ziwa. Alipoolewa aliambiwa watakaa kidogo tu halafu watahamia mjini. Mtoto wao Kezia alifika darasa la tatu, wao bado wako pale pale, upepo na vumbi.

Ndipo ikaja habari ya kozi. Ilikuwa miaka michache baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Wizara ilituma tangazo kwamba Denmark inatoa ufadhili wa miezi tisa kwa watumishi wa kilimo, maji na mifugo waliokaa kazini muda mrefu. Masharti yalikuwa wazi. Uandike barua useme unafanya kazi gani sasa, unakosa nini, na ukirudi utafanya nini na utakifanyia wapi. Barua ipite kwa afisa wa wilaya wa idara yako, naye aandike kama anakuruhusu.

Kisyeri aliandika barua siku hiyo hiyo. Akapanda baiskeli mpaka Mugumu, akampa Arafa, yule dada mpiga chapa wa ofisi ya wilaya. Arafa alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akacheka.

"Bwana Mifugo, hii barua nimeshaichapa."

"Umeichapa lini? Ndiyo kwanza naileta!"

"Nimemchapia bwana shamba. Nimemchapia yule wa maji. Wote wana moyo wa kujenga taifa, wote wakirudi wataelimisha wananchi. Nyie mnabadilisha majina tu." Akamrudishia karatasi. "Sasa hao Wazungu wakipanga barua zenu mezani, wewe watakujuaje?"

"Kazi yako kuchapa, dada Arafa."

"Haya, nichape? Niambie nichape, nichape sasa hivi."

Kisyeri akaikunja karatasi yake, akarudi nayo Nyambureti anaendesha baiskeli kwa hasira.

Sasa, kijiji kilikuwa na josho. Josho zuri la saruji, lilijengwa tulipohamishwa, likafunguliwa kwa ngoma. Ng'ombe anatumbukia upande huu, anaogelea kwenye dawa, anatokea upande ule kupe wote wamekufa. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini ng'ombe walioletwa ni wale wachache wa kuonyesha. Ndama walikuwa wanakufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, tezi zimevimba masikioni, na josho lipo pale limejaa maji. Kwenye mikutano ilisemwa wananchi hawajaelimika.

Kisyeri alijua si hivyo. Alikwenda kwa mzee Mniko, mwenye zizi kubwa, ili asikie tena kwa masikio yake.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mura. Umekuja kunifukuza niende kwenye bwawa lenu?"

"Nimekuja kuuliza. Kwa nini huwaleti wote?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wewe ni mtoto wa wapi? Si wa huku huku? Niwatoe ng'ombe wangu wote, niwapange foleni mchana, kila mwenye macho aangalie nina nini na njia ninayopita? Halafu usiku wezi waje wanishukuru? Hao wanaosema sina elimu, waje walale zizini kwangu."

"Na nikija mimi zizini na bomba la mkono, niwanyunyizie hapa hapa?"

"Hapo tunaongea. Ila dawa yako ile ya mwaka jana uliyokuja nayo kwenye ndoo, kupe walioga wakatakata. Walinenepa."

Kisyeri aliona aibu, maana ilikuwa kweli. Alijaribu kunyunyizia kwa bomba na dawa akakisia. Ikiwa nyepesi kupe wanazoea, ikiwa kali inaunguza ngozi. Kwenye josho vile vile, mvua ikiingia dawa inapungua nguvu, na yeye hakufundishwa namna ya kuipima. Alifundishwa kumwaga dawa na kuandika taarifa.

Basi akaandika upya. Safari hii mkono ulikwenda polepole. Aliandika kwamba josho lipo na halitumiki, na sababu si ujinga, sababu ni wizi wa ng'ombe. Akaandika kwamba alijaribu bomba la mkono akashindwa, kwa sababu hajui kupima nguvu ya dawa wala kutambua kupe waliokwisha kuizoea. Hayo ndiyo anayotaka kujifunza. Akirudi atafundisha vijana wawili katika kila ukoo wanyunyizie nyumbani, yeye awe anapita kupima dawa na kuhesabu ndama waliopona. Ataanzia Nyambureti, halafu kijiji cha Kisaka.

Alipofika kwenye neno "Nyambureti" alisimama. Veronika alimwona, kalamu iko juu, haishuki. Alikuwa anachambua mchicha mlangoni.

"Baba Kezia, umekwama wapi?"

"Wanataka kujua nikirudi nitakuwa wapi."

"Si uandike Musoma? Makao makuu ya mkoa. Kuna ofisi, kuna maabara."

"Mpango wenyewe uko hapa. Nikiandika Musoma, barua yote inakuwa uongo."

Veronika aliendelea na mchicha. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini. "Miaka yote nasubiri hiyo kozi ituondoe hapa. Kumbe ndiyo inatupigilia misumari."

Kisyeri naye alitaka kuondoka, pengine kuliko mkewe. Lakini alijua ile barua ina uzito kwa sababu ya neno moja tu. Akaliandika.

Arafa aliposoma hii ya pili hakucheka. Alipiga mashine mpaka mwisho, akasema, "Huyu sasa namjua." Akaipeleka kwa bosi.

Bosi alikuwa Bwana Lukmani, afisa mifugo wa wilaya, mtu wa Tanga, mcheshi, mwenye kofia yake ya kiua haitoki kichwani. Siku ile ucheshi aliuacha nyumbani.

"Kisyeri, unawaandikia huko Ulaya kwamba josho langu halina ng'ombe?"

"Halina, mzee."

"Najua halina! Nakuuliza kwa nini unawaambia. Hii inapita mkoani, inapita wizarani. Nikiweka sahihi hapa, mimi ndiye nimesema. Toa huo mstari nitie sahihi leo leo."

"Nikiutoa, mzee, watauliza kama josho linafanya kazi mabomba ni ya nini. Mpango wote unaanguka."

"Andika tu unataka kuongeza ujuzi."

"Wote wameandika hivyo. Muulize Arafa."

Kutoka chumba cha pili ikasikika sauti: "Ni kweli, Bwana Lukmani! Wote!"

Lukmani alivua kofia, akajikuna, akaivaa. Alizunguka meza. Mwisho akachukua kalamu akaongeza sentensi yake mwenyewe chini, kwamba ofisi ya wilaya inalijua tatizo la josho na inamruhusu mtumishi huyu akatafute dawa yake. Akaweka sahihi na mhuri.

"Nimeingia na wewe shimoni," alisema. "Kwa hiyo utatia sahihi mkataba. Miaka miwili Nyambureti baada ya kurudi, hakuna uhamisho. Ukibaki huko na Mzungu wa kike, watakayemkamata ni mimi."

Kisyeri akatia sahihi.

Majibu yalichukua muda mrefu, mpaka akaacha kuuliza posta. Yalipokuja, Arafa ndiye aliyemtuma kondakta wa basi apige kelele kijijini: "Mwambieni Bwana Mifugo amepata!" Watu walikuja kumpongeza. Mzee Mniko alikuja wa mwisho, anasukuma mtamba mwekundu kwa fimbo.

"Huyu ni wako," alisema. "Lakini anakaa kwangu. Ukirudi utamkuta na ndama. Usiporudi nitakuwa nachunga mali ya mtu mjinga."

Kila mtu alicheka. Veronika hakucheka. Alisema taratibu, "Karatasi ya Lukmani ingechanika. Ng'ombe hachaniki."

Asubuhi ya safari alimsindikiza mumewe mpaka basi la Musoma, akamfungia viazi vitamu kwenye kitambaa. Kezia alilia. Veronika alimwambia tu, "Salimia ziwa ukipita."

Denmark alikuta baridi inayouma meno. Ng'ombe wanalala ndani ya nyumba, wana namba masikioni, hakuna anayewaficha. Alijifunza kupima dawa kwa kichupa. Alijifunza kuweka kupe kwenye dawa na kuangalia nani anakufa na nani anabaki. Mchana alikuwa sawa. Jioni ilikuwa inafika mapema, saa kumi giza, na alikuwa anasimama dirishani akitamani moshi wa mavi ya ng'ombe, harufu aliyoikimbia maisha yake yote. Ndege zilipita juu kila saa. Hakuangalia hata moja.

Barua yake ya kwanza nyumbani iliuliza: mvua imenyesha? Ndama wa kwa Mniko wanakufa? Yule mtamba mwekundu ameogeshwa?

Veronika alijibu kwa karatasi moja.

"Baba Kezia. Mvua imenyesha. Mtamba mzima, ana mimba. Umeuliza ng'ombe na mvua, mimi hukuniuliza. Niliisoma ile barua yako ya kuombea kozi kabla hujaipeleka. Ilikuwa nzuri. Vijana wa kila ukoo wamo, kupe wamo, Kisaka imo. Mimi nilijitafuta humo sikujiona."

Kisyeri aliisoma amesimama. Akaisoma amekaa. Halafu akatafuta karatasi, na hakuweka kumbukumbu namba juu, wala "kupitia kwa." Aliandika kwamba mkataba ni miaka miwili na atautimiza, alishasema na ng'ombe anamngoja. Lakini miwili ikiisha anaandika maombi mengine, ya uhamisho, na hayo hataandika yeye. Ataandika Veronika, yeye atatia sahihi tu. Aseme anataka wapi, anakosa nini sasa, na wakifika huko watafanya nini.

Jibu lilimfikia wakati anafungasha kurudi. Lilikuwa fupi kuliko lile la kwanza.

"Nataka mahali ambapo nikitoka nje asubuhi naliona ziwa. Ninachokosa ni wewe. Mengine tutapanga ukifika."

Alilikunja akaliweka kwenye mfuko wa shati, upande uleule alioweka vichupa vyake vya kupimia dawa.