Utani wa Msibani Ulipofutwa

Rafiki yangu Mzaramo ameuza dagaa nasi soko la Kirumba, Mwanza, miaka mingi, na kwetu Wasukuma yeye ni mtani. Mwenzetu mmoja wa sokoni, mama wa Kisukuma, alipofariki, yeye aliandika kwenye ukurasa wake, kwa maneno ya mjini, akamalizia na mstari mmoja wa Kisukuma alichojifunza hapa hapa. Sehemu ya Kiswahili ilisema: "Umesepa, kauzu wewe! Afadhali umekufa, sato wako sasa tutamla bure."

Watoto wa marehemu walicheka huku wanalia. Mtandao haukucheka. Ulifuta andiko kwa kosa la kudhalilisha mtu, ukamfungia kuandika kwa mwezi mzima. Wateja wake wa Misungwi huagiza kupitia ukurasa huo huo.

Alinijia mimi, ninayeitwa Mwalimu hapa sokoni, na simu mkononi. "Mwalimu, nimeshaandika rufaa. Nitume?"

Nikasoma: "Samahani sana wakubwa zangu, nimekosa, sitarudia tena."

"Umekosa nini, dada?"

"Sijakosa. Lakini si ndiyo adabu? Mkubwa akikasirika, unaanza na samahani."

"Huyu si mjomba wako. Ukisema umekosa, atakayesoma atakubaliana nawe. Na rufaa ya andiko hili ni moja tu. Futa."

"Una kiburi wewe."

"Na wewe una woga, mtani mzima! Msibani uliwatukana wenye msiba mbele ya shehe, leo unaogopa kidude cha simu?"

Akacheka, akafuta. Tukakaa kwenye magunia. Kisanduku cha maelezo kilikuwa kidogo, kwa hiyo tulichagua maneno. Huenda msomaji akawa mashine, au mtu asiyewahi kukanyaga msiba wa kwetu. Si vizuri kumtukana, ni vizuri kumfundisha. Tuliandika:

"Haya ni maombolezo. Kati ya Wazaramo na Wasukuma kuna utani: mtani huruhusiwa kumkejeli marehemu ili kuwafariji wafiwa. 'Umesepa' ni umeondoka. 'Kauzu' ni mtu mgumu, hapa ni mzaha. Mstari wa Kisukuma unasema tutakukumbuka. Tazama majibu: watoto wa marehemu wanamshukuru mwandishi. Hakuna aliyetishwa wala kudhalilishwa."

"Weka na samahani kidogo mwishoni," alinong'ona.

"Hata tone."

Akabonyeza mwenyewe.

Siku ya tatu andiko likarudi na kifungo kikaondolewa. Ujumbe ulisema walikosea; samahani hawakuweka. Rafiki yangu aliusoma kwa sauti soko zima lisikie, kisha akauliza, "Hawa hawana adabu?"

Jioni ile binti wa marehemu alimjibu kwa utani uleule, nalo jibu lake likafutwa. Alikuja analalamika kwamba ameanza rufaa ila hajui aendeleeje. Kabla sijafungua mdomo, mtani akamsogezea gunia.

"Kaa hapa, mwanangu. Kwanza niambie: umeandika samahani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Futa."