Ukuta Ulio Nyuma ya Mama Yake

Nilianza kwenda studio ya picha kwa sababu ya feni. Nyumba niliyopewa na shule ilikuwa na kitanda, meza na mwangwi, na mabati yake yalihifadhi joto la mchana kama mtu anayeweka akiba. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, kijana kutoka bara, mwenye digrii na maoni mengi. Watu wa Garissa waliniuliza kwa upole, "Mwalimu, unarudi Kenya lini?" kana kwamba Kenya ilianzia ng'ambo ya daraja la mto Tana. Huko Kenya hakuna aliyekuwa akiniuliza swali hilo.

Mwenye studio alikuwa Msomali wa makamo mwenye ndevu za hina. Ndugu yake wa ng'ambo alikuwa amemletea kompyuta na skana, navyo vilikaa pembeni chini ya kitambaa cha kufuma, vimefunikwa kama bibi harusi. Aliposikia kwamba niliwahi kugusa kompyuta chuoni, alinikabidhi kiti na feni. Miaka ile ya mwisho ya tisini hiyo ilitosha kumfanya mtu fundi. Nikajifunza kufuta makunyanzi ya picha za pasipoti na kuondoa mikunjo ya picha za zamani. Nilijiona daktari. Wagonjwa wangu hawakulalamika.

Siku moja, muda mfupi baada ya uchaguzi, akaingia mama mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni.

"Salaam aleikum. Mwalimu wa kombiuta ni wewe?"

"Wa jiografia, mama. Kompyuta ni ya mzee huyu."

"Mzee huyu anajua ngamia tu."

"Na ngamia hazimiki stima ikikatika," mwenye studio akamjibu bila kuinua macho.

Mama alifungua leso, akatoa picha moja. Ilikuwa ya mtaani: mama yake mzee anapita kando ya ukuta wa duka, chupa ya chai mkononi, shali limepeperuka kidogo. Mpiga picha alikuwa akijaribu kamera yake mpya. Mzee hakujua kwamba amepigwa picha. Angejua, angekataa, kama alivyokataa maisha yake yote. Sasa alikuwa amefariki, na hiyo ndiyo picha pekee.

"Toa huyu mtu," mama akasema.

"Yupi?"

"Wa ukuta."

Nyuma ya mzee ukuta ulikuwa umejaa karatasi za kampeni, mgombea yuleyule akirudiwa toka pembe hadi pembe, akitabasamu kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

"Blot yetu ya sokoni, yeye ndiye amechukua. Hooyo amekufa akiitaja hiyo blot," akasema. Hooyo ni mama, na blot ni ploti, kiwanja. "Ndugu yangu yuko nchi ya baridi. Ameondoka kijana, hajamwona tena hooyo, hata kuzika hakuzika. Ijumaa baada ya swala kuna mtu wetu anasafiri. Mimi siwezi kumbelekea ndugu yangu hooyo na huyu bamoja."

Nikamwambia aniachie. Nilisema ni kazi ndogo, maana sikuijua.

Kubandua karatasi ukutani kwa maji na kisu ni rahisi, kwa sababu chini yake ukuta upo. Ndani ya picha, chini ya karatasi hamna kitu. Ukiondoa uso wa mtu, lazima wewe mwenyewe upige lipu. Programu ilikuwa na kifaa kama muhuri: unaiambia ichote hapa, halafu unapaka pale. Nilichota lipu safi ya sehemu ya juu, isiyo na karatasi, nikapaka. Nilipokaa nyuma kutazama, nikaona ufa mmoja wenye umbo la mkuki umejirudia ukuta mzima, kama mgombea. Nikaufuta, nikaanza kuchota sehemu mbalimbali, kidogo kidogo. Nilipoishiwa, nikachukua kipande na kukigeuza kushoto kuwa kulia, nikijipongeza kwa werevu. Vinundu vyote vya lipu vikageuka mashimo. Jua la kwenye picha lilitoka kushoto. Kwenye kipande changu lilitoka kulia. Mwalimu wa jiografia, nami nilikuwa nimechomozesha jua upande usio wake.

Brashi laini nayo ilifuta chembechembe za mchanga, ukuta ukawa kama umepakwa siagi. Nikaipunguza ulaini. Nikafuata mikwaruzo ya mwiko wa fundi wa kwanza, ambaye bila shaka aliufanya ukuta wote kwa muda mfupi kuliko mimi. Niliizoea kazi hiyo kuliko nilivyopaswa. Nikitoka darasani nilikwenda moja kwa moja ukutani. Sikuwa na mtu mwingine wa kwenda kumwona.

Alhamisi alasiri mama akaja. Nikamwonyesha nakala niliyoitoa kwenye printa, nikangoja sifa.

Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Ukuta ni msafi," akasema. "Lakini umemfanyia nini hooyo? Sasa yeye ndiye amebandikwa."

Nilitaka kumweleza. Kisha nikaona. Mzee alikuwa amesimama hewani, bapa, amekatwa kwa mkasi na kugandishwa ukutani. Nilipotoa karatasi nilitoa pia kivuli chake, kwa sababu kilikuwa kimeangukia juu ya karatasi hizo.

"Rudisha," akasema. "Kesho mtu wetu anasafiri."

"Mwalimu," mwenye studio akanong'ona, "mimi ningerudisha haraka."

Tulirudisha picha ya mwanzo kwenye skrini, nikaikuza ili nifuate ukingo wa kivuli. Mama akavuta kiti, akakaa kwa umbali wa adabu, akitazama. Kivuli kilianzia miguuni kwa mstari mkali, kikapanda ukutani kikizidi kulainika, na kichwa chake kikaanguka sawasawa juu ya uso mmoja wa mgombea. Tabasamu lile lilikuwa gizani.

Mama akaanza kucheka, shali mdomoni. Mwenye studio akaja kuona, naye akacheka mpaka ndevu zikatikisika.

"Wallahi, amemfunika!"

"Tumwache huyo mmoja?" nikauliza. "Aliyefunikwa?"

Mama akaacha kucheka, akafikiri.

"Hapana. Ndugu yangu ataangalia huyo kwanza. Toa."

Lipu nilikuwa nayo tayari, ile iliyopigwa na jua. Nikachora umbo la kivuli juu yake, nikalitia giza taratibu mpaka likalingana na kipande kidogo cha kivuli cha kweli kilichobaki karibu na magoti, ambako karatasi hazikufika. Ukingo wa juu nikaulainisha. Mikwaruzo ya mwiko ikaendelea kuonekana ndani ya giza, kama inavyopaswa. Nilipofika kichwani mama alisogeza kiti mbele. Mzee akakanyaga chini. Akawa anapita.

Picha ikasafiri.

Baada ya majuma kadhaa nilimkuta mama sokoni, katikati ya vitambaa vyake. Nikamsalimu, nikamuuliza kama ndugu yake aliipata.

"Ameipata. Amebiga simu. Analia tu, anasema, 'Anatembea, anatembea vile vile.' Anajua mbaka saa, anasema hiyo ni chai ya asubuhi anabeleka."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Na ukuta? Alisema nini?"

"Ukuta gani?"

"Wa nyuma."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayetazama mgeni aliyekaa juani mno.

"Mwalimu, hakuona ukuta."

Mteja mwingine akamwita. Nikaenda nyumbani, maana jioni hiyo studio ilikuwa imefungwa.