Nukta Pembeni mwa Lengo

Mwalimu Fanueli alikuwa na jicho baya. Simaanishi uchawi. Namaanisha kwamba ukimpa andalio la somo kabla ya kuwagawia wenzako, alikuona ulivyo mvivu. Langu aliwahi kulirudisha limejaa wino mwekundu, nikamnunia siku mbili nzima pale shuleni kwetu Mgwashi.

Mwaka huo wa sabini na nane tulikuwa na walimu wanafunzi watano, vijana waliojifunza ualimu vijijini ili kila mtoto wa taifa apate kusoma. Mmoja wao alikuwa Yunis, binti wa wakulima wa Mnazi, kule chini kwenye joto. Mkaguzi angekuja kumtazama akifundisha, na akifaulu apate cheti. Asipofaulu, arudi kwenye jembe. Alikuwa amekwisha kujaribu mara moja akashindwa, na hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Mwalimu Mkuu, Mzee Sefania, akaamua kuwasaidia. Akaandika kwa mkono wake andalio la mfano la hisabati, darasa la tano, kujumlisha sehemu, kisha akampa Fanueli alisome kabla sijalikatia stensili ya kutolea nakala. Sasa ujue kwamba Mzee Sefania ndiye aliyemfundisha Fanueli kusoma, utotoni, shule ya misheni. Hadi mwaka huo Fanueli akimwamkia shikamoo alivua kofia, hata mvua inyeshe.

Nilikuwa nimekaa naye alipolisoma. Alijumlisha muda: utangulizi dakika tano, maarifa mapya ishirini, mazoezi kumi na tano, tathmini tano. Arobaini na tano, na kipindi chetu ni arobaini. Akapunguza maarifa mapya yawe kumi na tano. Tena mzee alikuwa ameandika "asili" huku na "namba ya chini" kule. Akasawazisha yote yawe "asili". Hayo aliyaandika kwa wino.

Halafu akafika kwenye lengo, akarudi kuitazama mifano. Lengo lilisema kila mtoto aweze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Lakini mifano yote, mazoezi yote na tathmini vilikuwa vya asili moja: moja ya tano na mbili ya tano, tatu ya nane na mbili ya nane. Lengo lilikwenda kwake, somo likaenda kwake.

"Si umwambie?" nikamuuliza.

"Klara, nimwambie Mzee hajui lengo lake? Dakika ni hesabu tu, mtu yeyote husahau. Hili ni kichwa cha somo." Akachukua penseli akatia nukta ndogo pembeni mwa lengo. "Ataiona mwenyewe."

Akampelekea kwa mikono miwili. "Limekaa vizuri, Mzee."

Mzee alitazama wino, akafurahi, akaniletea. Nukta niliiona. Nikakata stensili, nikazungusha mashine, nakala zikatoka na jina la Fanueli chini: limesomwa na kusahihishwa.

Asubuhi ya ukaguzi Yunis alikuja ofisini ameshika nakala yake, imekunjika kwa kusomwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Hili lengo na hii mifano, mbona naona..."

"Marahaba. Limesomwa, mwanangu," Fanueli akamkatiza. Mzee alikuwa ameketi pale pale. "Fuata lilivyo."

Alilifuata. Alifundisha vizuri hata mimi nikaona wivu, na alimaliza dakika ya arobaini kamili. Ndipo mkaguzi akasoma lengo kwa sauti, akaenda ubaoni, akaandika nusu jumlisha moja ya tatu. Watoto wakanyoosha mikono kwa furaha. Mbili ya tano! Darasa zima, juu kwa juu na chini kwa chini, mbili ya tano! Yunis akasimama na chaki yake mkononi.

Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu hajui kufikia lengo alilojiwekea. Mzee Sefania alisikitika kweli, akasema siku hizi vijana hawaandai masomo. Fanueli alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi, hakufungua mdomo. Nilimchukia. Mimi nami sikufungua wangu.

Yunis alipanda basi la kushuka Mombo Jumamosi, aende kwao. Alituaga wote kwa adabu, akamshukuru Fanueli kwa kumsahihishia andalio.

Jumatatu Mzee aliandika andalio lingine, kwa ajili ya wale wanne waliobaki. Fanueli alilisoma muda mrefu kuliko kawaida. Akasimama, akalipeleka kwa mikono miwili.

"Limekaa vizuri, Mzee."

Lilipofika mezani kwangu nililitazama kwanza pembeni. Muda ulikuwa umesahihishwa kwa wino. Na kando ya lengo palikuwa na nukta ya penseli. Nikavuta stensili mpya, nikaanza kuandika.