Makosa ya Bwana Yangu Katika Simu

Kichina bwana yangu alikijua kwa mdomo tu. Alikipata kwa Wachina waliokuwa wakikata mbao upande wa Opala, kabla hatujafungua duka letu la vifaa vya washonaji hapa Makiso. Aliandika kwa kubahatisha. Kwenye simu unaandika sauti ya neno kwa herufi zetu za kawaida, halafu simu inakupangia alama zote zenye sauti hiyo, nawe unachagua. Yeye alichagua ya kwanza.

Ukiandika "mai", zinatokea 买, kununua, na 卖, kuuza. Zinafanana sana, ya kuuza ina kimsalaba juu. Kwa miaka mingi alimwandikia mama mmoja wa China, aliyekuwa akitutumia mizigo, kwamba anataka kumuuzia sindano. Mama yule alicheka mwanzoni, akazoea.

Tena Wachina hawahesabu kitu bila kuweka neno dogo baada ya namba. Sindano moja moja ina neno lake, pakiti ina lake, zipu ina lake kwa sababu ni ndefu. Bwana yangu alitumia moja kwa vyote, 个. "Vyote ni vitu," aliniambia, akiendelea kula ndizi zake za makemba. Alinifundisha pale dukani, saa za mchana ambapo wateja ni wachache, na mimi niliyeishia darasa la sita nikawa nachagua polepole kuliko yeye. Nikimwonyesha kosa alisema, "Mwalimu, tuma tu."

Alifariki kwa ugonjwa ulioanzia mguuni. Baada ya matanga sindano zilikwisha dukani. Mdogo wake alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema yule mama hanijui mimi, akisikia mwenye duka amekufa ataacha kutuma, na bila mzigo duka litafungwa.

"Andika tu sawa vile yeye alikuwa anaandika," aliniambia. "Ule mama iko mbali, atajua namna gani? Donc, usitafute matatizo, shemeji."

Nilifanya hivyo. Nasema ukweli, sikulazimika hata kuigiza. Simu inakumbuka unachochagua mara nyingi na kukiweka mbele. Niliandika "mai", na kuuza kukaja kwanza. Niliandika ishirini na "ge", 个 ikaja. Nikachukua kila kilicholetwa, na ujumbe ukatoka na makosa yake yote: nauza vitu ishirini sindano. Niliusoma mara nyingi. Nilijisikia kama amekaa nyuma yangu ananihimiza nitume. Hilo ndilo lililonifurahisha, kuliko pakiti ishirini za sindano zilizofika.

Mara ya pili nilikwisha kuandika nusu, mama wa China akatangulia na ujumbe wake. Niliubonyeza ugeuzwe Kifaransa. Aliuliza: mguu umepona?

Niliacha simu juu ya meza nikahudumia mteja aliyetaka vifungo. Niliporudi swali lilikuwa bado pale. Makosa yalikuwa ya bwana yangu kweli, lakini mguu uliopona ungekuwa uongo wangu mwenyewe. Sikuweza.

Nikaanza kuandika kwamba amekufa. "Ta" kwa sauti ni yeye, lakini kwa kuandika mwanamume ana alama yake, 他, na mwanamke yake, 她. Simu ikanipa ya mwanamke kwanza. Nilishangaa. Nikarudi juu kwenye maneno yao ya zamani, nikayageuza Kifaransa moja moja. Katikati ya zipu na nyuzi bwana yangu alikuwa akiandika habari zangu, kila mara kwa alama ya mwanamke. Yeye ana homa. Yeye amechagua rangi hii. Yeye anasema naandika vibaya.

Nikarudi chini kwenye ujumbe wangu. Kisha nikaruka ile ya kwanza nikachagua ya mwanamume. Yeye amekufa. Nikaongeza kwamba mzigo uliopita niliagiza mimi, na sikumwambia.

Jibu lilikawia siku mbili. Shemeji alipita, nikamweleza. Hakunigombeza, alisema tu, "Bon, duka umelifunga weye mwenyewe," akaondoka.

Siku ya tatu mama wa China aliandika. Alisema amelia. Alisema makosa ya bwana yangu aliyasoma yeye peke yake, lakini siku hizi binti yake ndiye anayefunga mizigo, na binti hajui kwamba vitu ishirini maana yake pakiti ishirini. Ukitaka pakiti, andika pakiti. Halafu akauliza aniite nani.

Nilitafuta jina langu kwa Kichina. Sauti zilikuja, alama zikawa nyingi, na hakuna niliyemjua wa kuniambia ipi ni nzuri. Nikaliandika kwa herufi zetu, kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo. Chini yake nikaweka agizo, ishirini, na safari hii, katika alama ambazo simu inapendekeza yenyewe baada ya namba, nikapita 个 nikashuka hadi 包, pakiti. Simu iliificha mbali sana.